Windows 11 imeweka Wi-Fi mpya kuwa Public, printa ya kaunta haifikiki: niweke Private?

Karatasi_A4 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Iringa, jirani na chuo. Kaunta kuna kompyuta ya mezani yenye Windows 11, jina lake KAUNTA, na printa imechomekwa hapo kwa waya wa USB. Chumba cha nyuma yupo mdogo wangu, anachapa kazi za wanafunzi kwenye laptopu ya Windows 10, akimaliza anaprinti kupitia KAUNTA. Tumekwenda hivyo miaka miwili bila shida yoyote.

Jumamosi tumefungiwa intaneti ya faiba. Ruta mpya, jina jipya la Wi-Fi. Tangu siku hiyo laptopu haiifikii printa. Akiandika `\\KAUNTA` inazunguka weee, halafu inaleta 0x80070035, The network path was not found. Intaneti yenyewe iko vizuri kwenye mashine zote mbili.

Nimechungulia kwenye Settings nikakuta KAUNTA imeandikwa Public network (Recommended). Sikumbuki kuulizwa chochote nilipokuwa naunganisha. Laptopu iliuliza, dogo akabonyeza Yes.

Swali langu: nikiiweka Private, nafungua nini hasa? Nauliza kwa hofu kwa sababu wateja wanaosubiri kazi zao wanatumia Wi-Fi hiyohiyo, nenosiri nimelibandika ukutani.

Mlima_Kitonga

Mkuu hiyo ni fayawoli tu. Nenda Control Panel, izime, printa itarudi sekunde hiyohiyo. Mimi yangu nimezima tangu ninunue na sijawahi kupata tatizo.

mzee_wa_kazi

Kanuni ni rahisi na haijabadilika: nyumbani na ofisini ni Private, ukitoka nje ya hapo ni Public. Duka ni lako, ruta ni yako, weka Private uendelee na kazi. Hiyo Public ni ya hotelini na stendi, inafunga data zako ili mwenye Wi-Fi asisome unachotuma.

FundiWaya

Karatasi, usizime fayawoli. Ukiizima kwa ajili ya printa, umeizima kwa kila kitu kilichomo kwenye hiyo kompyuta, na wageni wako ndani ya Wi-Fi moja na wewe.

Na mzee wangu wa kazi, shikamoo, ila hapo mwisho naomba nikusahihishe. Public haifungi data. Haigusi kabisa unachotuma nje. Mwenye ruta akitaka kuchungulia unatembelea wapi, ataona kilekile ukiwa Public au Private. Wala spidi haibadiliki.

Unapochagua moja kati ya hizo mbili, unaiambia Windows itumie sheria zipi za fayawoli kwenye mtandao huo. Mashine yako kwenda nje ni ruksa kwenye zote mbili, ndiyo maana intaneti inafanya kazi. Tofauti iko kwa anayekuja kupiga hodi. Ukiwa Private, kwa kawaida Windows inawasha Network discovery, yaani mashine inajitangaza kwa wenzake na kuitikia ikiitwa. Na ukiwa umeshea folda au printa, mlango wa kuifikia unafunguka, bandari 445 ya TCP. Ukiwa Public, mashine haijitangazi na mlango huo unabaki umefungwa, hata kama printa umeishea sawasawa.

Sasa tazama kazi yako inavyokwenda. Laptopu ndiyo inayoondoka kwenda kubisha, KAUNTA ndiyo inayobishiwa hodi. Kwa hiyo ile Yes ya dogo haikusaidia kitu kwenye kuprinti. Mashine yenye printa ndiyo inayohesabika. Laptopu ikiwa Public haitaonyesha orodha ya kompyuta nyingine, lakini ukiandika jina au anwani ya KAUNTA moja kwa moja itafika, mradi KAUNTA imekubali kufungua.

Kwa nini zamani ilikubali? Windows inakumbuka chaguo kwa kila mtandao peke yake. Ule wa zamani uliuweka Private siku moja ukasahau. Huu wa faiba kwake ni mgeni, na Windows 11 mgeni inampa Public bila kuuliza.

Kabla hujabadili chochote, fungua PowerShell kwenye KAUNTA utuletee majibu ya hii:

```
Get-NetConnectionProfile
```

Halafu kwenye laptopu fanya `ping` ya anwani ya KAUNTA, na baada yake uandike `arp -a`. Nataka kujua kama ni fayawoli kweli au ruta ndiyo inawatenganisha.

Tausi_wa_Ugunja

Samahani kudandia uzi. Mimi natumia hotspoti ya simu, bando linaisha upesi sana. Nikiweka Public italila kidogo?

FundiWaya

Tausi, hapana, hilo ni jambo jingine. Kwenye ukurasa uleule wa Wi-Fi yako, teremka chini utaona Metered connection. Washa hiyo. Inaizuia Windows kushusha sasisho nyingi kimyakimya. Public na Private hazihusiani na bando.

Karatasi_A4

FundiWaya asante kwa muda wako. Majibu ya KAUNTA, nimepunguza mistari:

```
Name            : Duka_Faiba
InterfaceAlias  : Wi-Fi
NetworkCategory : Public
```

Kwenye laptopu, `ping 192.168.1.10` imeleta Request timed out mara nne. Lakini kwenye `arp -a` hiyo 192.168.1.10 ipo, na mbele yake kuna namba ndefu yenye herufi na vistari.

FundiWaya

Safi, hilo ndilo nililolitaka. Hiyo namba ndefu ni anwani ya kadi ya Wi-Fi ya KAUNTA. Maana yake laptopu iliuliza nani ana 192.168.1.10, na KAUNTA ikaitika. Njia ipo. Ila barua ilipofika mlangoni fayawoli ikaitupa bila kujibu, ndiyo Request timed out. Kwenye Public hata ping inanyamaziwa.

Ruta ingekuwa inawatenganisha, mara nyingi ungeona Destination host unreachable, na kwenye arp isingekuwepo. Hapo hata ungebadilisha Private mara kumi usingefika popote, maana kizuizi kipo kwenye ruta. Watu wengi wanahangaika na Windows siku nzima kumbe wameunganisha mashine moja kwenye Wi-Fi ya wageni.

Kwa hiyo kwako Private itarudisha printa. Lakini swali lako la wateja ndilo zito, na nenosiri la ukutani ndilo linaloamua. Ngoja kwanza tusikie wenye sehemu za biashara.

Nyavu_za_Kisumu

Mimi niko Kenya, nina saiba yenye mashine sita. Nilikuwa nimeziweka zote Private kwa sababu mahali ni pangu, kama anavyosema mzee hapo juu. Siku moja mteja mwenye laptopu yake akafungua Network kwenye File Explorer, akaniita: boss, hizi kompyuta zote ni zako? Nikaangalia, majina yote sita yako hapo, na folda ya SCANS inafunguka bila kuulizwa nenosiri. Ndani kulikuwa na vitambulisho vya watu, vyeti vya KRA, barua za kazi, kila kitu nilichowahi kuskania mteja.

Huyo alikuwa mtu mzuri, aliniambia. Sijui ni wangapi waliona wakanyamaza. Karatasi, wewe pia unaskania watu, fikiria hiyo folda kabla ya printa.

mzee_wa_kazi

Nimekuelewa kijana, na marahaba. Hiyo kanuni niliichukua enzi za Windows 7, ilikuwa inauliza Home, Work au Public, na picha ya nyumba kabisa. Tulifundishwa hivyo. Sasa kama nyumbani si Private, Private ni ya wapi?

FundiWaya

Mzee, hukukosea kwa wakati ule. Windows 7 ilitaja mahali, watu wakazoea kujibu mahali. Soma maandishi ya Windows 11 chini ya Public network: wenyewe wanasema uitumie karibu kila sehemu, nyumbani na kazini zikiwemo. Na chini ya Private wanasema uichague ukihitaji kushea mafaili au programu zinazowasiliana ndani ya mtandao, na uwe unawajua na kuwaamini watu na vifaa vilivyomo.

Kwa hiyo yapo maswali mawili. Kuna kitu kwenye hii kompyuta ambacho mashine nyingine inatakiwa kukifikia? Kama hakuna, Public inatosha hata ukiwa chumbani kwako. Kama kipo, nani mwingine yumo kwenye mtandao huu? Nyumba ya kupanga yenye wapangaji wanane wanaochangia ruta moja ni nyumbani, lakini mimi nisingeweka Private hapo.

MwanaHosteli

Naomba nieleze yangu, kwa sababu mimi niliona neno Public na bado nikaumia.

Nilikuwa natumiana muvi na mwenzangu wa chumba kupitia hotspoti ya simu. Nilipofungua Network, juu ikatokea ile pau ya njano kwamba network discovery imezimwa. Nikaibonyeza, ikaleta kisanduku chenye majibu mawili. La kwanza, No, make the network that I am connected to a private network. La pili, Yes, turn on network discovery and file sharing for all public networks. Mimi niliona Yes nikajua ndiyo ninayoitaka. Folda nikaipa Everyone iwe Read/Write, na nenosiri la kushea nikalizima kwa sababu lilikuwa linatusumbua.

Wiki kadhaa baadaye niko kwenye Wi-Fi ya chuo. Nikaangalia, imeandikwa Public, nikaridhika. Nilipofungua folda ya muvi nikakuta vijifaili ambavyo sikuviweka mimi, vina majina ya folda zangu lakini ni shotikati zinazoishia na `.lnk`. Nilibonyeza moja nikidhani ni folda yangu ya field. Rafiki yangu alinisafishia laptopu siku mbili, na ripoti yangu niliipata kwa sababu tu nilikuwa nimejitumia kwenye barua pepe.

Nataka wadada na wakaka wenzangu wajue: ile Yes haikuwa ya hotspoti yangu peke yake. Ilikuwa ya kila mtandao wa Public nitakaoingia baada ya hapo.

FundiWaya

Pole sana dada. Hicho kisanduku kimewapata wengi, kwa sababu jibu la No ndilo salama na jibu la Yes ndilo linalofungua kila mahali.

Kila mwenye shaka aangalie hivi. Windows 11: Settings, Network & internet, Advanced network settings, Advanced sharing settings. Windows 10 ipo ndani ya Network and Sharing Center. Utaona sehemu ya Private networks, ya Public networks, na ya All networks. Kwenye Public networks, Network discovery iwe imezimwa, na File and printer sharing iwe imezimwa. Kwenye All networks, Password protected sharing iwe imewashwa. Kama Public zimewashwa, jina Public ulilonalo kwenye Wi-Fi halikulindi chochote kwenye upande wa folda zako.

Seva_Chumbani

Kwa mwenye uzi, kuna njia ya kubaki Public kabisa na printa ifanye kazi. Unamfungulia dogo peke yake. Ipe laptopu anwani isiyobadilika kwenye ruta, tuseme 192.168.1.20, kisha kwenye KAUNTA fungua PowerShell kama msimamizi:

```
New-NetFirewallRule -DisplayName "Printa ya dogo" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 445 -RemoteAddress 192.168.1.20 -Profile Public -Action Allow
```

Mteja mwingine yeyote akibisha, mlango umefungwa.

FundiWaya

Seva, wazo ni zuri kwa folda, lakini kwa printa litamwacha njiani. Kuanzia Windows 11 22H2, kuprinti kupitia kompyuta nyingine kunatumia RPC juu ya TCP, yaani njia ya mashine moja kuiomba nyingine ifanye kazi, haipiti 445 peke yake. Kuna 135 na bandari nyingine inayopangwa papo hapo. Ataona `\\KAUNTA` inafunguka na printa imo, akibonyeza Connect inagoma, atadhani ni draiva. Itabidi zile sheria za File and Printer Sharing zenye majina Spooler Service - RPC na Spooler Service - RPC-EPMAP nazo aziruhusu kwenye Public na kuziwekea anwani hiyohiyo.

Mimi ningeanzia kwenye ruta. Karatasi, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1, tafuta Guest Network. Iwashe, ipe jina la wateja, na nenosiri la ukutani liwe la hiyo. Ile kuu ya Duka_Faiba ibadilishie nenosiri, mjue wewe na dogo tu. Ukishaunganisha KAUNTA upya kwa nenosiri jipya:

```
Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private
```

Nayo inataka PowerShell ya msimamizi. Au nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, properties za Duka_Faiba, utaona Network profile type. Laptopu ya dogo irudishe Public, haina kinachohitaji kufikiwa.

Mwisho, kwenye KAUNTA tengeneza akaunti ya pembeni yenye nenosiri, si ya msimamizi, laptopu iitumie hiyo kuingia. Usizime Password protected sharing kwa kukwepa kuandika nenosiri mara moja.

Seva_Chumbani

Hapo kwenye 22H2 umenifundisha, sikulijua. Lakini bado nasimama kwangu: Guest Network za ruta hizi za bei ndogo nyingine ni jina tu, wageni wanaona mashine za ndani kama kawaida. Fayawoli ya kwenye kompyuta yako unaiona kwa macho yako.

FundiWaya

Hilo nakubali, zipo. Ndiyo maana asiamini maandishi, apime. Achukue laptopu ya dogo aiunganishe kwenye Wi-Fi ya wateja, apige ping ya KAUNTA ikiwa tayari Private. Ikijibu Reply, hiyo Guest ni jina tu na njia yako ndiyo bora. Ikigoma, ajaribu na hii kwa uhakika zaidi, kwa sababu ndiyo inayogusa mlango wenyewe:

```
Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445
```

TcpTestSucceeded iwe False akiwa upande wa wateja, na True akiwa upande wa duka.

Mlima_Kitonga

Sasa mimi niliyezima fayawoli miaka yote, ina maana Public na Private kwangu hazina kazi?

FundiWaya

Karibu hazina, mkuu. Lebo itabaki kwenye skrini lakini sheria zenyewe hazitekelezwi. Iwashe leo. Programu itakayogoma, Windows itakuuliza kama uiruhusu, na mara nyingi inakuonyesha visanduku viwili, Private na Public. Watu wakitia tiki ya Private tu kisha wakawa kwenye mtandao wa Public, programu inagoma tena na wanalaumu programu.

Bahari_Shwari

Mimi laptopu ya ofisi hainipi chaguo lolote nikiwa kazini. Nikiwa nyumbani lipo. Nimeharibu?

FundiWaya

Hujaharibu. Ofisini mashine imeitambua seva yenu ya domeni yenyewe, inaingia kwenye seti ya tatu ya sheria ambayo mtu haichagui kwa mkono. Ukitaka ibadilike, ongea na watu wenu wa TEHAMA.

Karatasi_A4

Wakuu nimerudi na majibu.

Guest Network nimewasha, nenosiri la ukutani nimebandua na kubandika jipya. KAUNTA nimeiweka Private. Dogo akapiga ping, ikaja Reply kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. `\\KAUNTA` ikaomba jina na nenosiri, nikaweka ya ile akaunti ya pembeni, printa ikatokea. Tumetoa ripoti ya mwanafunzi ya kurasa 84 moja kwa moja kutoka chumba cha nyuma.

Halafu nikapeleka laptopu kwenye Wi-Fi ya wateja kama ulivyosema. Ping imegoma, na ile ya 445 imeleta False. Nikarudi ya duka, True.

Nyavu_za_Kisumu, nimefungua folda yangu ya skani baada ya kusoma yako. Ilikuwa imeshewa kwa Everyone. Sijui ni lini niliishea hivyo. Nimeitoa, imebaki printa peke yake.

Nyavu_za_Kisumu

Afadhali umeipata mapema. Na hizo skani za zamani, unazifuta baada ya muda gani? Mimi bado sijaamua, wateja wengine hurudi baada ya miezi miwili wakitaka kopi.